Risiti za dukani na ini la mume wangu

Mume wangu hajaonja pombe maishani mwake. Kwa hiyo picha ya ultrasaundi iliporudi ikisema ini lina mafuta, kilichotuuma kwanza ni macho ya watu. Shemeji yangu mmoja hata alimvuta kando barazani kumuuliza kama kuna jambo analotuficha. Daktari alicheka tuliposimulia. Alisema wagonjwa wengi wa aina hii anaowaona hawanywi, ila wana kitambi, wanakaa sana na wanakula wanga na sukari nyingi. Mume wangu hukaa mezani kutwa kwenye ofisi ya mizigo karibu na bandari, na siku hiyo mizani ilisoma kilo 94. Alitakiwa apunguze kilo tano hivi kwanza, kisha asogee hadi kilo saba au tisa, polepole. Dawa hakuandikiwa. Daktari akanigeukia mimi: "Nyumbani ununuzi ni wa nani?"

Ni wangu. Nami nikaelewa kombo. Nilisikia neno "mafuta" basi nikaanza vita na mafuta: viazi karai nikakata, nyama nikapunguza, maziwa nikachukua yale yaliyotolewa siagi. Badala ya soda nikanunua juisi ya embe ya pakiti. Badala ya mkate mweupe nikanunua wa kahawia. Mtindi nao ukawa ule wa stroberi ulioandikwa "mafuta kidogo" kwa herufi kubwa. Miezi mitatu baadaye uzito ulikuwa umeshuka kilo moja tu, na vipimo vya damu vya ini viko palepale.

Mtaalamu wa lishe tuliyepelekwa kwake hakuuliza tunakula nini. Aliniambia nije na risiti za mwezi mzima. Nikazimwaga mezani, akachukua kalamu nyekundu. Sikutarajia: mafuta hakuyagusa kwanza. Alizungushia juisi, mtindi, mkate, biskuti za chai na sukari yenyewe. Akanieleza kwamba sukari ya mezani, nusu yake ni fruktosi, na fruktosi nyingi huishia kwenye ini. Ikizidi mahitaji, ini huigeuza kuwa mafuta na kuyaweka palepale. Kwa hiyo mafuta ya ini si lazima yawe yameingia mdomoni yakiwa mafuta.

Tukapiga hesabu ya siku moja ya mume wangu. Soda ya nusu lita anayoinunua kazini ina gramu 53 za sukari. Vikombe vitatu vya chai, vijiko vitatu kila kimoja, ni gramu 36. Glasi kubwa ya ile juisi yangu ya "afya" ilikuwa gramu 36 nyingine. Jumla gramu 125, yaani takribani vijiko 31 vya chai. Kwa wiki inakaribia kilo nzima, mtu mmoja! Kumbe soda hakuwa ameiacha, alikuwa anainywa huko kazini huku mimi namsukumia juisi nyumbani.

Tangu siku hiyo nageuza pakiti. Upande wa mbele ni wa muuzaji, mimi nasoma wa nyuma. Naangalia safu ya gramu 100, si ile ya "kipimo kimoja", kwa sababu kipimo kimoja wao huamua ni biskuti mbili, na nani alikula biskuti mbili akaacha? Sukari ikiwa gramu tano au chini kwa gramu 100, ni kidogo. Ikipita ishirini na mbili na nusu, narudisha rafuni. Kwa vinywaji nakaza zaidi, isizidi gramu mbili na nusu kwa mililita 100. Kisha nasoma orodha ya viambato, kwa kuwa huandikwa kuanzia kilicho kingi. Ule mkate wa kahawia ulianza na unga wa ngano wa kawaida, na rangi yake ilikuwa ya karameli. Sasa nanunua tu ambao neno la kwanza ni ngano nzima, na ukikosekana tunakula viazi vitamu vya kuchemsha, kiasi. Mtindi ni ule mtupu, naukatia papai nyumbani. Tunda zima halina shida, kwa maana nyuzi zake hushibisha, na hakuna anayekaa akala machungwa matano kwa mkupuo kama anavyoyanywa kwenye glasi. Asali na sukari guru sizinunui kama mbadala, mtaalamu alizihesabu kama sukari nyingine yoyote.

Mafuta yalikuja baadaye, na hapo ndipo palikuwa na ugomvi. Mafuta ya kuganda ya kopo niliacha bila majuto. Yale ya kupimiwa dukani yalinichukua muda kuyajua, hayana maandishi. Nilitia kidogo kwenye chupa nikaiweka friji usiku, asubuhi yameganda mazito meupe: dalili kwamba mafuta magumu ni mengi, na huku kwetu aghalabu ni ya mawese. Sasa nanunua ya alizeti, chupa ya lita moja, na nailazimisha imalize wiki tatu kwa watu watano.

Lakini nazi! Mama mkwe wangu aliposikia tui linapunguzwa aliweka kijiko chini. "Mwanangu, sisi tumezaliwa na nazi. Leo ndiyo imekuwa sumu?" Si sumu, Mama, nikamwambia, ila kasimele ina mafuta magumu mengi, na sisi tulikuwa tunaitia kwenye wali, mbaazi na mchuzi siku moja. Tulikubaliana hivi: siku ya kawaida chakula kimoja tu ndicho cha nazi, tena kwa tui la pili. Kasimele inangoja Ijumaa, juu ya samaki wa kupaka.

Samaki ndiye aliyenifurahisha, maana kilicho bora kwake ndicho rahisi. Nilikuwa nanunua changu kwa ajili ya wageni na kuona vibua ni vya shida. Mtaalamu alivisifu vibua kwa mafuta yao mazuri ya omega-3, yanayosaidia kushusha mafuta ya damu. Navichagua macho yakiwa maangavu na mashavu mekundu, navipaka ndimu na kitunguu saumu, kisha jikoni juu ya makaa. Wauza samaki hukaanga ukiomba. Siombi.

Vitu viwili sinunui kabisa. Karanga zenye ukungu au mikunjo, hata zikipunguzwa bei, kwa sababu ukungu wake waweza kuwa na aflatoksini, nayo huumiza ini. Na unga wa mitishamba wa "kusafisha ini": jirani alituletea chupa, daktari akaomba aione kwanza, kisha akakataa, maana baadhi ya hizo dawa zenyewe ndizo huharibu ini.

Mume wangu hana kisukari. Mwenye kutumia dawa za kisukari asikate wanga ghafla nilivyofanya mimi, amwambie daktari wake kwanza, sukari isije ikashuka mno.

Miezi sita sasa, mizani inasoma 87 na vipimo vya damu vimeanza kushuka. Jioni bado anakaa Mji wa Kale na wenziwe kunywa kahawa chungu, ambayo daktari hakuikataza. Sahani ya halua ikipita, anasema, humpa aliye kulia kwake. Nilipomuuliza kama kweli hata kipande hakionji, aliinuka kwenda kuzima taa ya ukumbini.