Jina likifichwa, alama zinasimama wapi? Uzoefu wa idara yetu ya Kiswahili

Nikiwa mkuu wa idara ya Kiswahili katika sekondari ya kutwa, kila baada ya mtihani wa muhula huwa napitia sampuli ya karatasi zilizosahihishwa. Kidato cha tatu ndiko nilikoona waziwazi jinsi jina la mwanafunzi linavyoweza kuvuta alama zake, kwenye swali la fasihi lenye alama 15. Mwongozo wa usahihishaji ulitoa 1.5 kwa utangulizi, 1.5 kwa hitimisho, na alama 2 kwa kila hoja kati ya sita: moja kwa hoja iliyofafanuliwa, moja kwa mfano kutoka kitabuni.

Karatasi mbili zilikuwa na upungufu uleule. Kila mmoja alikuwa na hoja tatu kamili, na tatu nyingine zikiishia na "kama tunavyoona katika kitabu" bila kumtaja mhusika wala tukio. Kwa mwongozo, kila karatasi ilistahili 12. Ya binti anayeongoza darasa ilikuwa na 13.5, kwa sababu kila hoja tupu ilipewa 1.5. Ya kijana anayejulikana kwa kufeli ilikuwa na 10.5, kwake hoja tupu zilipata nusu nusu. Aliyesahihisha ni mwalimu makini, wala hakuwa na chuki na mtoto. Alinieleza bila kusita: "Huyu binti kitabu anakijua, ameharakisha tu. Huyu mwingine amekariri."

Maelezo hayo ndiyo yaliyonifungua macho. Pale jibu lilipokuwa wazi, jina halikugusa alama hata kidogo. Jina liliingia kwenye pengo, mahali mwanafunzi alipoacha jambo bila kulisema, na mwalimu akalijaza kwa anachokumbuka juu yake. Mwanasaikolojia Edward Thorndike alieleza mwelekeo wa namna hii mwaka 1920, baada ya kuchunguza jinsi maofisa wa jeshi walivyowapima walio chini yao: sifa moja ya mtu ilivuta nyingine zote kuifuata. Tofauti ya alama 3 katika swali moja si ndogo, maana kwa madaraja yetu 44 ni D na 45 ni C.

Tuliamua kuficha majina. Namba za kwenye orodha ya darasa hazikutufaa, kwa kuwa zinafuata alfabeti na mwalimu anazijua kichwani. Siku ya mtihani kila mwanafunzi huokota kikaratasi chenye namba kutoka kwenye boksi, anaiandika juu ya karatasi yake, kisha anatia sahihi mbele ya jina lake kwenye fomu. Fomu hiyo huingia kwenye bahasha na kukaa kwa mwalimu wa taaluma.

Namba peke yake haitoshi, kwa sababu miandiko tunaijua. Hivyo tunabadilishana mikondo: anayefundisha A anasahihisha B. Tunasahihisha pia swali moja kwa darasa zima kabla ya kwenda linalofuata, alama zikiandikwa kwenye karatasi ya pembeni, ili aliyefanya vizuri swali la kwanza asibebwe nalo hadi la mwisho. Kati ya swali na swali tunachanganya karatasi upya, maana insha ya kawaida ikifuata iliyo bora sana huonekana dhaifu kuliko ilivyo. Kuficha jina hakuondoi hilo, wala hakuondoi mvuto wa mwandiko mzuri.

Pagumu zaidi ni baada ya kufungua bahasha. Mara ya kwanza niliulizwa, "Mbona fulani amepata 58? Hebu tuiangalie tena." Nilikataa, na bado nakataa. Ukiirudia karatasi ya anayekushangaza tu, umelirudisha jina kwa mlango wa nyuma. Tunachoruhusu ni kurekebisha hesabu ya kujumlisha, nami natia sahihi. Maoni ya kumsaidia mwanafunzi mmoja mmoja tunayaandika baada ya hapo, kwa kuwa hayo yanahitaji kumjua.

Safu ya juu ya matokeo haikubadilika sana. Waliosogea ni wa katikati, wenye hoja nyingi za nusu nusu. Lakini aliyenigusa zaidi ni yule binti. Alama zake zilishuka, akaja kuniuliza, nikamwonyesha hoja zake tatu zisizo na mfano. Miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa amemwambia, kwa kuwa kila mwalimu alimjazia. Msahihishaji wa mtihani wa taifa angeona namba ya mtahiniwa tu, na pengo lingebaki pengo. Tangu hapo kila hoja yake ina mhusika na tukio.

Kwa usomaji wa sauti na mijadala, ambako mtoto amesimama mbele yako, njia hii haiwezekani. Huko tunaweka walimu wawili, kila mmoja anaandika alama yake bila kuona ya mwenzake, na zikipishana sana tunakaa na mwongozo mezani tukipitia kipengele kimoja kimoja.