Riali 100 kutoka Maskati hadi Konde: njia tatu nilizozipima

Nafanya kazi Maskati, na kila mwisho wa mwezi natuma riali 100 kwa mama, Konde, kaskazini ya Pemba. Zinaondoka mia kamili. Zinazofika hutofautiana kwa karibu laki moja ya shilingi kutegemea njia zilizopitia, na laki moja kwa mwezi ni mchele wa nyumba nzima. Ndiyo maana nilianza kupima.

Kipimo nilichokichagua ni kimoja: shilingi ngapi mama anazo mkononi, tayari kuzitumia, kwa kila riali iliyotoka mfukoni mwangu. Watu wengi hapa huuliza ada tu. Ada ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ya gharama imo ndani ya kiwango cha kubadilishia, na huko hakuna anayekuandikia kwenye risiti kwamba amekata.

Sisi tulio Oman tuna bahati moja katika hesabu hii. Riali imefungwa kwenye dola kwa kiwango kilekile tangu 1986: dola moja ni riali 0.3845, yaani riali moja ni dola 2.6. Haipandi wala haishuki. Kwa hiyo asubuhi ya kutuma naangalia kiwango cha dola kinachotangazwa na Benki Kuu ya Tanzania, nakizidisha kwa 2.6, na hapo najua thamani halisi ya riali siku hiyo. Tuchukue dola iwe shilingi 2,500, ili hesabu iwe nyepesi. Riali moja ni 6,500, na riali 100 ni 650,000. Chochote kitakachopungua hapo ndiyo gharama yangu, iitwe ada au isiitwe. Viwango na ada nitakazotaja chini ni za mfano wa hesabu hiyo. Wewe weka za siku yako.

Naanza na maduka ya kutuma pesa, kama yale yaliyojaa Ruwi. Dukani unatoa kadi ya ukaazi, jina la mpokeaji na pesa, unapewa risiti yenye namba ya siri. Tuseme ada ni riali 2 na kiwango ni 6,400. Riali 98 mara 6,400 ni 627,200. Duka la pili limebandika tangazo la kutuma bila ada, lakini kiwango chake ni 6,150, basi mama anapata 615,000. La bila ada limekuwa ghali zaidi kwa shilingi 12,200. Kwa hiyo siulizi tena ada kiasi gani wala kiwango gani. Nauliza hivi: "Nikikupa riali 100 zote, ada ikiwa ndani yake, anayepokea anapata shilingi ngapi?" Jibu ni namba moja, na namba moja hailinganishwi vibaya.

Kinachoharibika zaidi kwa njia hii ni jina. Karani hapa huandika jina kama analolisikia. Mama kwenye kitambulisho ni Hadija, karani ameandika Khadija. Au ameweka jina la baba wa nyumba kwa kudhani mke hulibeba la mumewe, wakati kwetu mwanamke anabaki na jina la baba yake na babu yake. Mtu wa benki ya Wete, ambako mama huichukulia pesa iliyotumwa dukani, akiona majina hayalingani, hatoi pesa, na ana haki. Mimi nina picha ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi cha mama kwenye simu. Namwonyesha karani, kisha nasoma risiti herufi kwa herufi kabla sijaondoka dirishani. Kosa la herufi hurekebishwa palepale ukirudi na risiti. Ukitaka kubadilisha mtu kabisa, mara nyingi muamala hufutwa na kuanzwa upya, na kiwango cha siku hiyo huenda si kile cha mwanzo. Hesabu tarakimu za namba ya siri pia: ya Western Union ina tarakimu kumi, ya MoneyGram nane. Ikisomwa kwenye simu na moja ikaruka, mama amekwenda mjini bure.

Na safari ya mjini ni gharama. Konde hadi Wete, kwenda na kurudi, tuseme nauli 6,000. Zile 627,200 zimekuwa 621,200, na nusu siku ya mtu mwenye magoti mabovu imekwenda.

Hapo ndipo pesa ya simu inapovutia. Ada tuseme riali 1, kiwango 6,350. Riali 99 zinafika 628,650, ndani ya simu, mama akiwa amekaa barazani. Lakini pesa iliyo ndani ya simu bado si noti. Kuitoa kwa wakala kuna ada ya mtandao, na tangu Julai 2021 nchi ilipoingiza tozo kwenye miamala ya simu tumejifunza kuliuliza na hilo. Ada ya kutoa huenda kwa madaraja: kiasi kikubwa hulipiwa zaidi, lakini si zaidi kwa uwiano. Tuseme kutoa 600,000 kwa mkupuo ni 9,000, na kutoa 150,000 ni 4,500. Akitoa mara moja anabaki na 619,650. Akitoa mara nne, kidogo kidogo kama wazee wanavyopenda, ada imefika 18,000 na mkononi ni 610,650.

Linganisha: duka 621,200, simu kwa mkupuo mmoja 619,650. Tofauti ni shilingi 1,550. Kwa mtu anayetoa pesa yote, njia hizi mbili ziko sawa, na kinachoamua ni nini mama anafanya na pesa baada ya kuipata. Umeme wa Tukuza akiununua kwa simu, duka la vyakula akililipa kwa simu, na ada ya skuli ya wajukuu ikilipwa kwa simu, sehemu hiyo haipiti kwa wakala hata kidogo. Nilipokaa na mama tukahesabu, karibu nusu ya matumizi yake yaliweza kulipwa hivyo. Malipo hayo nayo huenda yana ada yake ndogo, kwa hiyo uliza kwanza, lakini ikiwa ni chini ya ada ya kutoa, simu inashinda wazi.

Kuna mambo matatu ya kuthibitisha kabla ya kutuma kwa simu, na nayaeleza kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo pesa hupotea.

Kwanza, laini ni ya nani kwenye usajili? Wazee wengi wanatumia laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole vya mjukuu au mpwa. Ukiandika jina la mama na mtandao ukasoma jina la mpwa, muamala unaweza kukataliwa na pesa ikachukua siku kadhaa kurudi. Ukipita, basi pesa imeingia kwenye akaunti iliyo kwa jina la mpwa. Kujua ni rahisi: mwambie mtu aliye nyumbani aanze kumtumia mama shilingi 1,000. Kabla ya kuthibitisha, simu itaonyesha jina la mwenye laini. Asome lilivyo, akupigie picha, kisha aghairi. Jina hilo ndilo unaloliandika wewe huku Maskati, hata kama herufi zake unaziona zimekosewa.

Pili, mtandao gani? Usiamini tarakimu za mwanzo. Tangu 2017 Tanzania inaruhusu mtu kuhama mtandao na namba yake, kwa hiyo namba inayoonekana ya mtandao mmoja huenda imekaa mwingine. Muulize mama anapata ujumbe wa salio kutoka wapi. Na ukijaza namba, anza 255 halafu ruka sifuri: 0777 inakuwa 255777. Wenye haraka huweka zote mbili.

Tatu, wakala wa kijijini ana noti? Kutoa pesa kunahitaji wakala awe na taslimu droweni. Siku za kuelekea Idi, na msimu wa karafuu ambapo wachumaji wanalipwa taslimu kila jioni, wakala wa kijiji humaliza noti mapema. Mama huambiwa, "Bi mkubwa, rudi kesho, au chukua laki mbili kwanza." Hizo laki mbili zina ada yake, na zitakazobaki zina ada yao tena. Kwa hiyo mwezi wa Idi natuma wiki moja kabla, au nageukia duka na noti za benki.

Na jambo la kumwambia mama kila mwezi bila kuchoka: pesa ikishaingia, mtu akipiga simu kudai amekosea kutuma na anaomba arudishiwe, akate, aangalie salio lake mwenyewe kwenye menyu. Ujumbe mfupi unaweza kuandikwa na yeyote. Salio haliandikwi na mtapeli.

Benki nimeiacha mwisho kwa sababu kwa riali 100 haifai. Hesabu yake ni hii. Ada ya benki ya huku riali 5, zinabaki 95. Inaniuzia dola kwa riali 0.386, napata dola 246. Pesa inapita benki ya kati, inakata dola 20. Benki ya Pemba inakata 10. Zinabaki dola 216, zinabadilishwa kwa 2,460, na mama anapata 531,360. Makato hayo ni ya kudumu, hayajali umetuma kiasi gani. Ndiyo sababu yanamla anayetuma kidogo na hayamuumizi sana anayetuma riali 1,000 kwa ajili ya bati na saruji. Kwa kazi ya ujenzi natumia benki, mara mbili au tatu kwa mwaka, kwa sababu kuna karatasi ya ushahidi na simu ina kikomo cha pesa inayoweza kushika.

Ukiipita njia hiyo, kwenye fomu kuna sehemu ya kuchagua nani alipe makato. SHA ni kugawana, na benki nyingi huiweka bila kukuuliza. OUR ni wewe kulipa huku, ili kiasi kifike bila kumegwa njiani. BEN ni kukata yote kwa mpokeaji. Kwa fundi anayesubiri kiasi kamili, nachagua OUR. Fomu ikidai IBAN, yaani namba ya akaunti ya mfumo wa kimataifa, Tanzania haina. Andika namba ya akaunti kama ilivyo. Hakikisha pia akaunti haijalala, maana iliyokaa muda mrefu bila kuguswa inaweza kukataa pesa, nayo inarudi huku ikiwa imekatwa mara mbili. Mimi imenipata.

Halafu siku. Ijumaa na Jumamosi benki za Oman zimefunga. Jumapili za Oman ziko wazi, lakini za Tanzania na za Nyuyoki, ambako dola hupitia, zimefunga. Siku ambazo pande zote tatu zinafanya kazi ni Jumatatu hadi Alkhamisi. Ukituma Alkhamisi jioni, usimpigie fundi Jumamosi. Natuma Jumatatu asubuhi na kuomba nakala ya ujumbe wa SWIFT wa malipo hayo, ule ambao benki hupelekeana. Ikipita Alkhamisi bila kuonekana, nakala hiyo ndiyo ndugu yangu anayoipeleka kaunta Chake Chake, na karani anaitafuta kwa namba ya kumbukumbu iliyomo badala ya kumwambia asubiri.