Nilivyomuuzia servisi mteja niliyemfungia AC, kwa imeili moja fupi

Kuna ushauri mmoja unanikera kweli, eti ukimaliza kazi vizuri mtumie mteja profaili nzima ya kampuni ili ajue na mambo mengine unayofanya. Mimi nafunga AC hapa Dar, na jamaa mmoja niliyewahi kupiga naye kazi alifanya hivyo hivyo, katuma profaili yenye sola, kamera, waya za umeme mpaka kupaka rangi, mteja akajibu "asante, tumepokea" na habari ikaishia hapo. Sasa ulitegemea nini? Umemwachia mteja kazi ya kujitafutia mwenyewe shida yake kwenye kurasa zako kumi.

Mimi niliuza kitu kimoja tu, servisi, na niliuza kwa namba.

Mteja wangu ni ofisi ya mawakala wa forodha pale Kurasini, niliwafungia mashine 14 za BTU 12,000, za kawaida sio inveta. Autidoo 9 zinatazama barabara ya malori na 5 ziko uani. Kazi iliisha vizuri mwezi wa saba. Siku ya makabidhiano huwa nawasha kila mashine, naiweka 18, naiacha kama dakika 20 itulie, halafu nashika waya wa laini kwa mita ya klampu nasoma ampea, naandika kwenye fomu na mteja anasaini. Mafundi wengi hawafanyi hivi wanaona ni kupoteza muda, lakini hiyo fomu ndiyo iliyoniuzia servisi.

Mwezi wa kumi na moja nikarudi kukagua bure kama nilivyoahidi, nikapima tena. Mashine namba 6, ya upande wa barabara, ilikuwa 5.1 siku ya makabidhiano, sasa inasoma 6.1. Fini za autidoo zimeziba vumbi na moshi wa malori, joto halitoki, presha ya gesi inapanda na kompresa inavuta umeme zaidi. Ila mtu mwenye akili atakuuliza, mwezi wa saba ni baridi na wa kumi na moja ni joto, si ndiyo maana imepanda? Swali la haki kabisa, maana kweli joto la nje peke yake linapandisha ampea. Ndiyo nikaenda uani, siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, nikapima namba 12 ambayo nayo ilianza na 5.1. Ikasoma 5.4. Kwa hiyo joto limeongeza pointi tatu, na zile saba zilizobaki ni uchafu. Hapo hapo nikaomba ruhusa nikaosha namba 6 bure, maji ya presha ndogo maana kubwa inalaza fini, ikakauka, nikawasha, ikasoma 5.5. Nilifurahi jamani, nikaipiga picha mita kabla na baada.

Kama mashine zako ni inveta usijaribu huu mchezo, ile inapanda na kushuka yenyewe kulingana na chumba, utasoma namba isiyo na maana. Na ampea zikiwa kawaida usimwambie mtu kwamba indoo ni safi, filta ikiziba haipandishi ampea, utaona tu chumba kinachelewa kupoa au bomba linaganda barafu.

Imeili sikuituma siku hiyo. Kwanza nilikuwa bado nadai salio la mwisho, na ukimletea mtu ofa mpya huku bado unamdai mnaanza kuoneana aibu, nikasubiri liingie. Pili ilikuwa inakaribia tarehe 20, mhasibu yuko kwenye ritani za VAT, hakuna anayekusoma. Nikatuma wiki iliyofuata, asubuhi, kwa yule mama wa utawala ambaye ndiye aliyesaini fomu. Sikuanzisha imeili mpya, nilijibu chini ya ile ya makabidhiano na kichwa sikukigusa, kwa sababu kwenye Gmail ukibadilisha kichwa inakuwa mazungumzo mapya, na mimi nilitaka yeyote atakayeisoma ashuke chini akutane na fomu yenye saini. Ilikuwa hivi:

"Re: Makabidhiano ya AC, ofisi ya Kurasini

Habari za kazi mama. Mashine zote 14 nilizokagua juzi zinafanya kazi vizuri, hakuna mbovu wala inayovuja gesi.

Waranti yetu ya mwaka mmoja iko pale pale: maungio, gesi kuvuja, na kazi yoyote ya ufungaji, hilo ni juu yetu bila malipo. Vumbi la barabarani haliko kwenye waranti.

Namba 6 ya upande wa barabara ilikuwa ampea 5.1 mwezi wa saba, juzi 6.1, baada ya kuosha 5.5. Namba 12 ya uani imetoka 5.1 hadi 5.4 kwa sababu ya joto tu. Picha nimeambatanisha.

Napendekeza tuoshe nne zilizoziba zaidi, namba 3, 4, 7 na 9, kwa shilingi 35,000 kila moja, jumla 140,000. Tunakuja Jumamosi ofisi ikiwa imefungwa. Je, Jumamosi hii inafaa?"

Basi, hakuna zaidi. Ile aya ya waranti ndiyo niliyoikalia muda mrefu kuliko zote, kwa sababu mteja uliyemfungia vitu juzi juzi akisikia servisi wazo la kwanza ni kwamba ulimfungia mashine mbovu au unataka umlipishe mara mbili. Ndiyo maana "hakuna mbovu" imekaa juu kabisa, kabla hata sijataja ampea. Na mkataba wa mwaka sikuutaja, kwani mkataba unakwenda kwa bosi na mwanasheria, ila laki na kitu mama wa utawala anapitisha na mhasibu tu. Swali la mwisho nalo linajibika kwa neno moja, sio "tunasubiri majibu yenu".

Kama nilivyotegemea, mhasibu akauliza si kuna waranti ya mwaka mzima? Mama hata hakunirudishia swali, alimwambia asome aya ya pili. Mchana akanipigia, "fundi, njooni Jumamosi, LPO utaikuta."

Tukaosha zile nne, nikapima mbele ya mlinzi wao, namba nikazijaza kwenye fomu ile ile pembeni ya zile za mwezi wa saba na kumtumia mama jioni. Jumatatu akauliza zilizobaki je. Nikamjibu nne za upande wa barabara tuoshe kabla ya Krismasi, namba 6 bado safi, na tano za uani zisubiri mpaka mwezi wa tatu, maana hazijachafuka na sina sababu ya kuwatoza. Nadhani jibu hilo ndilo lililomfanya bosi mwenyewe aniite tuongelee ratiba ya mwaka mzima, upande wa barabara kila miezi mitatu, uani mara mbili kwa mwaka.

Kitu kimoja kwenye bei, ofisi za namna hii zinakata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye malipo ya huduma, kwa hiyo ile 140,000 iliingia 133,000 pamoja na cheti cha zuio. Dai hicho cheti siku hiyo hiyo wanapolipa, ukikiacha mpaka wakati wa hesabu za mwaka utakizungukia sana.