Kobe wangu na jua la dirishani

Baridi ya Juni hapa Uyole ilinifanya nimhamishie kobe sebuleni, dirishani penye jua. Unga wa maganda ya mayai alikuwa anapata, nikajua nimemaliza. Juzi nabonyeza gamba, linabonyea kama jalada la daftari! Kwenye eksirei mifupa ya miguu imefifia, karibu ifanane na nyama, kuta zake nyembamba kama uzi. Daktari wa mifugo akaniambia kioo hupitisha joto ila huzuia miale ya urujuanimno inayotengeneza vitamini D ngozini. Bila vitamini hiyo, kalsiamu ya maganda haifyonzwi vizuri, mwili unakopa mifupani. Na picha huchelewa: ikionyesha kufifia, mfupa umeshapoteza mengi. Sasa anaota jua uani, kivuli pembeni. Gamba bado laini.