Siku ya jodari

Mwaka 2019 niliugua kifua kikuu. Nalitaja jina la ugonjwa kwa sababu bila hilo habari hii haitaeleweka. Nani aliniambukiza, nani aliacha kuja nyumbani na nani alileta uji kila Jumapili, hayo nimeyaweka moyoni na yatabaki humo. Ninayoyasimulia leo ni ya siku moja tu, katika wiki ya tano ya dawa.

Nilikuwa nikikaa kwa mama mdogo, Ngamiani, Tanga. Cherehani yangu ilifunikwa kanga pembeni ya chumba, maana kwa wiki za mwanzo hata kukanyaga pedali kulinitoa pumzi. Mama mdogo ndiye aliyejiandikisha kliniki kuwa msimamizi wangu wa dawa. Kazi hiyo aliichukulia kama kazi ya serikali. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijatia kitu tumboni, alikuja na kopo la maziwa ya unga alimohifadhi vidonge, akanihesabia vitatu mkononi, akasimama mpaka nimeze, kisha akatia alama kwenye kadi. Vilikuwa vitatu kwa sababu nilikuwa na kilo 47. Dozi inakwenda kwa uzito, na mwenye kilo 60 angepewa vinne. Kila kidonge kimebeba dawa nne kwa pamoja. Unakunywa hivyo miezi miwili, halafu unabaki na dawa mbili kwa miezi minne. Juu yake nilikuwa na kidonge kidogo cha vitamini B6, ili miguu isije kufa ganzi.

Mkojo wa rangi ya chungwa tuliambiwa mapema, kwa hiyo haukunitisha. Habari ya samaki sikuisikia. Pengine ilisemwa siku ile ya kwanza, lakini siku ya kwanza mtu husikia jina la ugonjwa tu, mengine yanapita.

Kufikia wiki ya tano kikohozi kilikuwa kimepungua, homa za jioni zimeondoka na hamu ya chakula imerudi kwa fujo. Mama mdogo akafurahi. Siku hiyo akaenda Sahare, akarudi na kipande kizuri cha jodari, nyama nyekundu, akakipika kwa nazi na ukwaju kidogo, pamoja na wali. Nilikula kama mtu aliyekuwa jela. Nikaongezewa, nikala tena.

Haikupita nusu saa nikahisi joto linapanda kutoka kifuani kwenda shingoni. Nilidhani ni pilipili. Kisha kichwa kikaanza kugonga, moyo ukaenda mbio, jasho likanitoka na masikio yakawa kama yamebandikwa pasi. Binti wa mama mdogo akanitazama, akaita, "Mama, njoo umwone dada!" Nikaletewa kioo. Uso ulikuwa mwekundu, macho yamewiva, na kifua chote mpaka kwenye ukosi wa gauni kimepiga wekundu. Mimi si mweupe, lakini wekundu ule ulionekana hata kwenye ngozi yangu.

Kwa akili yangu nilijua moja tu: dawa zimenikataa. Nilikuwa nimeshasikia za watu waliobadilikiwa na dawa hadi ngozi ikachubuka. Nikamwambia mama mdogo kesho sinywi. Hakunijibu. Alinipa maji, akanilaza karibu na dirisha, akakaa na upepeo wa ukili. Kwenye saa kumi na moja jioni joto lilianza kushuka lenyewe, na ilipofika Isha nilikuwa mzima, nimechoka tu.

Asubuhi alikuja na kopo lake kama kawaida. Nikafumba mdomo, mtu mzima mwenye miaka 34. Akaketi kitandani.

"Mwanangu, mimi sikulazimishi. Lakini wa kusema uache si wewe wala si mimi. Vaa twende."

Nesi wa kliniki ya kifua kikuu alikuwa mama wa makamo, mpole, asiye na haraka. Alinitazama macho akiyavuta chini kwa kidole, kutafuta umanjano. Akauliza kama natapika, kama nina maumivu chini ya mbavu za kulia, maana huko ndiko ini liliko na dawa hizi zinaweza kuliumiza. Akapandisha mkono wa gauni kutazama kama kuna vipele au malengelenge. Hakukuwa na kitu. Akauliza wekundu ulidumu muda gani.

"Kama saa tatu, mama."

"Na kabla yake ulikula nini?"

Mama mdogo ndiye aliyejibu, kwa fahari kidogo: "Jodari wa nazi."

Nesi akacheka, si kwa dharau. Akatueleza taratibu. Jodari, sehewa, vibua na jamii yao wana kitu katika nyama ambacho, samaki akikaa juani bila barafu, hugeuka kuwa histamini. Ni hiyohiyo inayomwasha mtu na kumvimbisha akipata mzio. Kuipika haiondoki. Mwili wa mtu kwa kawaida huwa na njia ya kuivunja kidogo kidogo, ndiyo maana mama mdogo na binti yake walikula chungu kilekile wakalala salama. Lakini moja ya dawa zangu nne, isoniazidi, huzuia njia hiyo. Kwa hiyo histamini ile ndogo, ambayo kwa wenzangu haikuwa chochote, kwangu ilibaki ikizunguka mwilini. Jibini iliyokaa muda mrefu nayo inaweza kufanya hivyo, akasema, kisha akajisahihisha: "Ila nani anakula jibini Ngamiani?"

Nikamuuliza basi mzio wa dawa wenyewe ningeujuaje. Akasema wa dawa hauendi zake jioni ukakuacha ukicheka. Unarudi kila unapomeza, au unaleta vipele vinavyobaki, au macho ya njano na kutapika kusikokoma, na hapo usingoje tarehe ya kliniki, njoo siku hiyohiyo. Kuacha mwenyewe kimyakimya ndiko alikokuogopa. Vimelea vilivyokwisha onja dawa na kuachwa hai huweza kuizoea, na tiba ya vile sugu ni ndefu na nzito kuliko hii.

Nikameza vidonge vyangu vitatu palepale mbele yake, saa nne asubuhi, na mama mdogo akatoa kalamu mkobani kuweka alama kwenye kadi.

Mwisho wa mwezi wa pili makohozi yangu yalipimwa, hayakuonyesha vimelea. Nilikuwa nimefika kilo 51. Kwa miezi iliyobaki tulikula changu, tasi na kolekole mdogo, na mama mdogo alikuwa akimuuliza kila muuza samaki maswali mpaka wengine wakadhani ni mkaguzi wa afya. Pedali ya cherehani niliirudia mwezi wa nne, nikianza na kushona foronya.

Wiki kadhaa baada ya kumaliza dawa alinunua tena jodari, safari hii akitoka kwenye barafu. Akapika vilevile, nazi na ukwaju kidogo. Tuliketi mkekani. Nilikula pole pole, na nilipoinua kichwa nikaona sahani yake haijaguswa. Alikuwa ameweka mkono wa kulia juu ya wali, ananitazama masikio.