Nilivyoikata chupa ya mawese kwenye Photopea kwa laptopu ya giga 2

Mama mkubwa anauza mawese sokoni Mwanga, hapa Kigoma mjini. Mwaka jana aliamua kuacha chupa tupu zisizo na jina na kuanza kubandika lebo. Nilipomwamkia siku hiyo hakusubiri hata nikae. "Marahaba mwanangu. Wewe si unashinda na kompyuta? Nitolee hiyo chupa ukutani, niwekee kwenye karatasi nyeupe yenye jina langu."

Picha alikuwa ameshapiga kwa simu: chupa ya plastiki ya lita moja imesimama mbele ya ukuta wa tofali za udongo mwekundu. Mawese mekundu, ukuta mwekundu, mwanga wa jioni mwekundu pia. Kwa anayekata picha, huo ni mtihani mgumu. Nami nilikuwa na laptopu ya mtumba yenye RAM ya giga 2, na intaneti ninayowashiwa na simu, ambayo mchana hutambaa.

Kilichoniokoa kwanza ni namna Photopea, programu ya kuhariri picha, ilivyotengenezwa. Ivan Kutskir, aliyeiunda, ameifanya ifanye kazi ndani ya kivinjari chenyewe, kwa nguvu ya kompyuta yako. Ukifungua picha, haipandishwi kwenye seva. Kwa hiyo bando linaliwa wakati ukurasa unafunguka tu. Nilizoea kuamka alfajiri mtandao ukiwa mwepesi, nafungua photopea.com, nasubiri hadi vifaa vyote vya pembeni vionekane, kisha nazima data ya simu. Kuanzia hapo nakata, nafuta na kuhifadhi bila intaneti. Fonti ndizo huvutwa kutoka mtandaoni pale unapozichagua, hivyo ile niliyoitaka kwa jina la mama mkubwa niliichagua kabla ya kuzima.

Lakini raha hiyo ina sharti moja: kichupo kisifungwe. Kikifungwa, unaanza upya kusubiri mtandao. Na kwenye mashine yenye RAM ndogo, anayekifunga si lazima awe wewe. Siku ya kwanza nilikuwa nimefungua WhatsApp kwenye kichupo cha pili, nikaenda kusoma ujumbe, niliporudi Photopea ikawa inajipakia upya. Kazi ya saa mbili ilipotea, na data ilikuwa imezimwa. Niliumia sana siku ile. Baadaye niliingia kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya `Performance`, nikaiongeza photopea.com kwenye orodha ya tovuti za kubaki hai muda wote. Nikajizoesha pia kubonyeza Shift+Esc ndani ya Chrome. Hapo hufunguka jedwali linaloonyesha kila kichupo kinakula kumbukumbu kiasi gani, na wazito wote wasiohusika nawafunga kabla sijaanza.

Bado Photopea yenyewe ilikuwa nzito, na sababu niliigundua nilipopiga hesabu. Faili la picha lilikuwa na megabaiti 3 na kidogo, nikadhani ni jepesi. Kumbe hiyo ni JPG iliyokandamizwa. Ikishafunguliwa, kila pikseli huchukua baiti 4. Picha ilikuwa na pikseli 3000 kwa 4000, yaani milioni 12, kwa hiyo leya moja tu, yaani tabaka moja la picha, ni megabaiti 48. Nakili leya hiyo mara mbili, ongeza hatua ambazo programu inazikumbuka ili Ctrl+Z ifanye kazi, na laptopu ya giga 2 inaanza kuhema.

Nikajiuliza lebo yenyewe ina ukubwa gani. Ilikuwa na upana wa sentimita 6 na urefu wa sentimita 8. Kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi, urefu huo ni kama pikseli 945. Pikseli 4000 za nini? Nikatumia kifaa cha `Crop` kubakiza chupa na ukuta kidogo pembeni, kisha nikaenda `Image` > `Image Size` nikashusha hadi 900 kwa 1500. Leya ikawa megabaiti 5 na nusu hivi, karibu mara tisa chini ya mwanzo, na akiba ya ubora bado ipo. Fanya hivi kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Ukikata kwanza kwenye picha kubwa halafu ukapunguza, umeshateseka bure.

Basi nikaanza na `Magic Wand`, kama wengi tunavyoanza. Kifaa hiki kinalinganisha rangi: unabofya ukutani, nacho kinachukua kila pikseli inayofanana na hapo kwa kadiri ya namba ya `Tolerance`. Nilipoweka 20, kilichukua mabaka ya ukuta na kuacha mengine. Nilipopandisha hadi 60, kikavuka ukingo wa plastiki na kuingia ndani ya mawese. Katikati ya hapo hakuna namba inayofaa, kwa sababu upande wa kivuli mafuta na udongo vina rangi moja kabisa. Nikajaribu `Quick Selection`, nayo ikakwama palepale, tena kila mkwaruzo wa brashi uliigandisha mashine. Hapo nilielewa kwamba jicho langu linaijua chupa kwa umbo lake, wakati vifaa hivi viwili vinaitafuta kwa rangi.

Kwa hiyo nikashika kalamu, yaani `Pen`, ambayo huitwa kwa kubonyeza P. Juu, kwenye upau wa kifaa, nilichagua `Path` ili isinichoree umbo lenye rangi. Kalamu inachora mstari juu ya picha bila kujali rangi iliyo chini yake, na mstari huo ni namba chache tu za nukta na mikunjo. Haiongezi leya wala haigandishi chochote. Kwenye laptopu yangu ndicho kifaa kilichotembea bila kusita, ingawa watu wengi wanakikimbia wakidhani ni cha wataalamu.

Nilikuza picha hadi asilimia 200, nikaanzia chini kushoto. Palipo na ukingo ulionyooka nabofya tu. Palipo na mkunjo nabofya na kuburuta bila kuachia, mkono wa mstari unatoka, naugeuza hadi mstari ulale kwenye ukingo. Mara ya kwanza niliweka nukta nyingi mno, zaidi ya 60, na chupa ikatoka na vinundu kama imechongwa kwa panga. Nikafuta. Mara ya pili nilitumia 18: mbili tu kwa kila ubavu, na nyingi zaidi mabegani na kwenye kifuniko. Nukta chache ndizo zinazoleta mkunjo laini. Iliyokaa vibaya niliisogeza kwa `Direct Select`, bila kurudia mstari wote.

Jambo jingine ni kupitisha mstari ndani ya ukingo kwa pikseli moja au mbili. Pikseli za mpakani zimechanganya rangi ya chupa na ya ukuta, na ukizichukua utabaki na uzi mwekundu kuzunguka chupa. Nilipofika nukta ya mwanzo nikabofya juu yake kufunga mstari, nikabofya kitufe cha kulia cha mausi na kuchagua `Make Selection`, kisha nikabonyeza kitufe cha maski chini ya orodha ya leya. Ukuta ukatoweka. Haukufutwa, umefichwa tu, kwa hiyo kosa lolote linarekebishika.

Kwenye ile miraba myeupe na ya kijivu inayoonyesha mahali patupu, kazi ilionekana safi. Sikuiamini, maana miraba hiyo inaficha makosa. Niliweka leya ya kijani kali chini ya chupa kupitia `Layer` > `New Fill Layer` > `Color Fill`, na palepale nikaona uzi wa udongo kwenye bega la kulia. Nikabofya kijipicha cha maski, nikachukua brashi nyeusi ndogo na kuupunguza. Hapa lazima uwe makini. Ukisahau kubofya kijipicha cha maski, unaipaka chupa yenyewe wino mweusi.

Kilichobaki kilikuwa shingo. Mawese hayakujaa hadi juu, na plastiki tupu ya shingoni ilikuwa inaonyesha ukuta uliokuwa nyuma yake. Chupa imekatwa vizuri, lakini kipande cha ukuta bado kimefungiwa ndani! Ukikiondoa chote, kifuniko kinaelea hewani. Maski ina jibu kwa hili: nyeupe inaonyesha, nyeusi inaficha, na kijivu huonyesha nusu. Nikapaka brashi nyeusi yenye `Opacity` ya asilimia 50 ndani ya shingo tu, nikiacha kingo zake na mng'ao wa mwanga bila kuguswa. Kijani cha chini kikaanza kupenya kama kinavyopenya kwenye plastiki halisi. Wekundu wa udongo ulikuwa bado upo kwa mbali. Nikarudi kwenye kijipicha cha picha yenyewe, nikachukua kifaa cha `Sponge` kikiwa kwenye `Desaturate`, nikapitisha mara tatu hadi shingo ikawa ya kijivu. Hii inabadilisha pikseli moja kwa moja, hivyo nilihifadhi kwanza faili la PSD, linalotunza leya na maski zake, kwa `File` > `Save as PSD`. Kila baada ya hatua kubwa nilifanya hivyo, na kwa kuwa faili linatoka kwenye kivinjari kwenda kwenye diski yako, halihitaji mtandao.

Nilibadilisha kijani kuwa nyeupe kumwonyesha mama mkubwa. Akainama kwenye kioo, akanyoosha kidole shingoni.

"Hapa mbona panaonekana kama kuna kioo?"

"Ndiyo, mama. Ni plastiki yenyewe hiyo."

"Haya. Na mawese yangu hujayabadilisha rangi?"

"Sijayagusa."

Nikaficha leya nyeupe na kutoa PNG, maana JPG haiwezi kubeba uwazi na ingejaza nyuma yote. Kwa mchapaji nilituma kwa WhatsApp kama picha, akanijibu kwamba chupa imekuja na mraba nyuma yake: WhatsApp ilikuwa imeigeuza kuwa JPG njiani. Nikawasha data tena, nikatuma faili lilelile kama hati. Lilikuwa dogo, chini ya megabaiti 2, likafika zima. Lebo 200 za kwanza zilibandikwa Jumamosi, na mama mkubwa ameshaniletea picha ya dumu la lita tano. Safari hii amelipiga mbele ya shuka la bluu, nilivyomwomba.