Barua ya maombi iliyotoka kwenye kibanda cha wakala

Jioni moja binti wa jirani yetu wa Mbagala aliniletea barua yake ya kuomba kazi ya huduma kwa wateja. Alijua niliwahi kukaa miaka kadhaa kwenye kituo cha kupokea simu. Mpangilio wake ulikuwa sawa: anwani yake juu kulia na tarehe chini yake, anwani ya mwajiri kushoto, kisha YAH: MAOMBI YA KAZI YA MHUDUMU WA WATEJA KWA SIMU. Shida ilikuwa chini ya hapo. "Mimi ni mvumilivu, mchapakazi na mwenye lugha nzuri." Anayechambua barua hukutana na sentensi hiyo tangu asubuhi, na haimwambii lolote kuhusu mtu atakayepokea simu ya mteja aliyekatwa hela usiku.

"Lakini anko, sijawahi kufanya kazi ya simu."

"Kibandani ulikuwa unauza nini?"

"Si kuweka na kutoa hela tu, na LUKU."

Kumbe kazi ya simu alikuwa ameifanya. Token ya umeme ina tarakimu 20, na wateja wake wengi, hasa wazee, walikuwa wakimpigia awasomee. Nikamuuliza anasomaje. Anasoma nne nne, makundi matano, na haendi kundi linalofuata mpaka mteja arudie lililotangulia. Simu ikikwaruza, "nne" na "nane" hazitofautiani, kwa hiyo huongeza: "nne, ile inayofuata tatu." Tarakimu moja ikikosewa, mita inakataa token yote, na mteja hupiga tena akiwa na hasira mara mbili. Hiyo ndiyo lugha nzuri. Nikamwambia aiandike hivyohivyo na lile neno alifute.

Uvumilivu ulituchukua muda zaidi. Kwanza alitaka kuandika kwamba huwatuliza wateja kwa upole. Nikamwomba anieleze mteja mmoja tu, tangu neno la kwanza. Akamkumbuka aliyelipa 10,000 saa mbili usiku, hela ikakatwa, token isije, naye akaanza kwa matusi. Tuliandika aya hii:

"Mteja mmoja alinipigia akilalamika kwamba amelipia umeme na hajapata token. Nilimwacha amalize bila kumkatiza, kisha nikamrudishia nilichosikia: kiasi alicholipa, muda, na kwamba yuko gizani. Nilimwomba namba ya mita na namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe wake. Nilimweleza kwamba hela imetoka ila token imechelewa, na nikamwomba asilipe mara ya pili. Nilimwahidi kumpigia baada ya dakika 15. Dakika 15 zilipofika token ilikuwa bado, nikampigia kumwambia hivyo. Ilipokuja nilimsomea mpaka mita ikakubali."

Aya hiyo ina mambo ambayo msimamizi yeyote wa zamu huyatafuta. Hakuna mahali aliposema "tulia mama". Neno hilo humfanya mteja asikie kwamba tatizo ni yeye. Hakuahidi kwamba hela itarudi sasa hivi, maana hilo halikuwa mikononi mwake. Onyo la kutolipa tena ni la mtu anayeijua kazi: wengi hulipa mara ya pili kwa papara, baadaye token zote mbili zinaingia, na hela ya sokoni imeshageuka umeme. Na hapo alipopiga simu akiwa hana jibu ndipo uvumilivu unapopimika. Wahudumu wengi hungoja mpaka wapate habari njema, na mteja anayekaa kimya akisubiri hupandisha hasira kuliko aliyeambiwa "bado".

Alikuwa ameandika pia jina la mteja na namba yake ya simu, ili mwajiri aweze kuthibitisha. Tulivifuta. Anayemwaga taarifa za mteja kwenye barua ya maombi atazimwaga kazini pia. Badala yake tukaongeza sentensi moja: kwamba katika kazi yote ya uwakala hakumuuliza mteja namba ya siri, na aliyetaka kumtajia alimkatiza. Ndiyo mara pekee ambapo kumkatiza mtu kuliandikwa kama sifa.

Barua ikabaki ukurasa mmoja. Ya zamu za usiku tuliyaweka katika mstari mmoja, kwamba yuko tayari na usafiri anao, kisha namba yake ya simu chini ya jina. Nikamwambia auondoe ule wimbo wa mwito kwenye laini yake, kwa kuwa usaili wa kazi hii huanza pale anapopokea simu ya kuitwa. Tulibishana tu kuhusu tamati. Yeye alitaka "Wako katika ujenzi wa taifa", kama walivyofundishwa shuleni. Mimi nilipendelea "Wako mtiifu". Barua ni yake, ikaenda na ujenzi wa taifa.